Kwa Nini Ada ya Opsheni Huvimba Kabla ya Kampuni Kutoa Matokeo

Opsheni ni mkataba unaompa mnunuzi haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyokubaliwa kabla ya siku fulani kupita, bila kumlazimisha kuitumia haki hiyo. Kwa haki hiyo hulipa ada, nayo ada haimrudii hata kama mkataba utaisha bila faida. Mikataba ya aina hii ilianza kuuzwa katika soko rasmi la opsheni mjini Chicago mwezi Aprili 1973. Mwaka huohuo Fischer Black na Myron Scholes walichapisha kanuni ya kukokotoa ada inayostahili.

Kwa hisa isiyotoa gawio, kanuni hiyo inahitaji mambo matano: bei ya hisa, bei ya makubaliano, muda uliobaki, kiwango cha riba, na kiwango cha kuyumba kwa bei ya hisa katika muda huo. Manne ya kwanza yanajulikana. La tano halionekani popote, kwa sababu linahusu siku ambazo hazijafika. Lakini sokoni ada yenyewe inajulikana, maana watu wanainunua na kuiuza kila dakika. Kwa hiyo wachambuzi huigeuza kanuni: badala ya kutafuta ada, huuliza ni kiwango gani cha kuyumba kingezaa ada hii iliyopo sokoni. Jibu lake ndilo kiwango cha kuyumba kinachodokezwa na bei, na kwa desturi hutajwa kama asilimia ya mwaka mzima.

Hakuna njia ya mkato ya kulipata. Hutafutwa kwa kujaribu. Chukua hisa ya mfano yenye bei ya dola 100, na opsheni ya kuinunua kwa dola 100 hizohizo, iliyobakiza siku 5 za soko, na ada yake ni dola 3.58. Riba ya siku chache ni ndogo mno, iachwe. Ukijaribu kuyumba kwa asilimia 40, kanuni inatoa ada ya dola 2.25, ndogo mno. Asilimia 80 inatoa takriban dola 4.49, imezidi. Ukiendelea kubana katikati unafika karibu na 63.5. Kompyuta hufanya kazi hiyo mara moja, lakini hatua ni hizohizo.

Asilimia 63.5 inaonekana kubwa ajabu kwa hisa ambayo katika siku za kawaida husogea kama asilimia 2 kwa siku, yaani karibu 32 kwa mwaka. Maelezo yake yamo ndani ya zile siku 5. Siku 4 ni za kawaida, na moja ni ya matokeo ya robo mwaka. Kampuni za Marekani kwa kawaida hutangaza matokeo baada ya soko kufungwa au kabla halijafunguliwa. Hapo bei haisogei polepole, bali huruka kutoka bei ya jana hadi bei mpya pasipo biashara kubwa katikati. Muuzaji wa opsheni aliyezoea kujikinga kwa kununua na kuuza hisa kidogo kidogo kadiri bei inavyosogea hapati nafasi ya kufanya hivyo. Hatari yote inamfikia kwa mara moja, na ndiyo maana anadai malipo yake mapema.

Tuseme soko linatarajia mruko wa kiwango cha asilimia 8 siku hiyo. Viwango vya kuyumba vya siku mbalimbali havijumlishwi vyenyewe. Kinachojumlishwa ni miraba yake. Siku 4 za asilimia 2 zinatoa 4 × 4 = 16. Siku moja ya asilimia 8 inatoa 64. Jumla ni 80, na siku moja peke yake imebeba sehemu 4 kati ya 5. Kipeuo cha pili cha 80 ni karibu 8.94, na opsheni ambayo bei yake ya makubaliano ni sawa na bei ya hisa huwa na thamani ya takriban 0.4 ya kiasi hicho. Ndipo zinapotoka zile dola 3.58. Wiki ya kawaida isiyo na matokeo, opsheni kama hiyo ingeuzwa takriban dola 1.79, nusu yake.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Kinachopanda siku zinapokaribia matokeo ni kiwango kinachodokezwa. Ada kwa dola inaweza kuwa inapungua. Mkataba huohuo ukiwa umebakiza siku 20, siku ya matokeo ikiwa miongoni mwake, kiwango chake ni asilimia 42 na ada ni dola 4.73. Ukibakiza siku 5, kiwango kimefika 63.5 ilhali ada imeshuka hadi 3.58. Siku za kawaida zimepita na thamani yake, mruko umebaki palepale, na sasa unagawanywa kwa siku chache zaidi. Ada imevimba ikilinganishwa na opsheni ya muda uleule isiyo na matokeo ndani yake, na huo ndio ulinganisho wa haki.

Hesabu hiyo inaweza kurudishwa nyuma, na hapo ndipo manufaa yake makubwa yalipo. Ikiwa kuna opsheni inayoisha kabla ya matokeo, yenyewe inaonyesha kuyumba kwa siku za kawaida, asilimia 2 kwa mfano huu. Kutoka katika jumla ya 80 mchambuzi huondoa 16, anabaki na 64, na kipeuo chake cha pili ni 8. Huo ndio mruko ambao soko limeulipia.

Asubuhi ya matokeo, ile 64 hutoweka. Bei ya hisa isipobadilika kabisa, opsheni iliyobakiza siku 4 itarudi kwenye asilimia 32, na ada itaanguka kutoka dola 3.58 hadi takriban 1.60. Hisa ikipanda hadi dola 102, mnunuzi amepatia upande, lakini opsheni yake ina thamani ya kama dola 2.82, na amepata hasara. Lazima hisa ipande kama dola 3 ndipo arudishe alichotoa. Anayenunua opsheni usiku wa matokeo kwa sababu tu anaamini habari zitakuwa nzuri amelipia nusu tu ya swali. Nusu nyingine ni kama mruko utazidi ule uliokwisha kuwekwa katika bei.

Hesabu hii ina mipaka. Inachukulia kwamba mruko husambaa kwa mpangilio wa kawaida kuizunguka bei ya leo, ilhali matokeo mara nyingi hupeleka hisa mbali juu au mbali chini. Tena, pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza likiwa pana, kiwango kinachodokezwa huyumba kwa pointi kadhaa bila habari yoyote mpya. Na kampuni ikiahirisha tarehe ya kutangaza, mkataba unaoisha kabla ya tarehe hiyo mpya hupoteza sehemu kubwa ya ada yake siku hiyohiyo.

Isitoshe, kiwango kinachodokezwa hakisemi lolote kuhusu upande. Tarehe 3 Februari 2022 hisa ya Meta, kampuni mama ya Facebook, ilianguka kwa takriban asilimia 26 baada ya matokeo. Tarehe 2 Februari 2023, baada ya matokeo ya robo kama hiyo, ilipanda kwa takriban asilimia 23. Muuzaji wa opsheni asiye na kinga anaweza kukusanya ada robo baada ya robo na kuzipoteza zote katika asubuhi moja ya namna hiyo.