Ufunguo wa Ijumaa

Kila Ijumaa alasiri barabara ya kutoka Kisumu kwenda Kericho hubeba majeneza. Gari la maiti hutangulia, matatu na magari madogo hufuata, na kufikia jioni waombolezaji waliotoka Nairobi na Mombasa huwa wanatafuta pa kulala karibu na boma la marehemu, kwa kuwa mazishi ni kesho yake. Awasi, baada tu ya Ahero, ni mojawapo ya vituo wanavyoteremkia. Mwenye gesti hapa hahangaiki na Ijumaa wala Jumamosi. Kinachomnyima usingizi ni Jumatatu, Jumanne na Jumatano, siku ambazo shuka hutandikwa na hakuna anayezilalia.

Nimeanza na hilo kwa sababu barua ninayotaka kuisifu haieleweki bila hilo. Iliandikwa na meneja wa gesti moja ya Awasi yenye vyumba 24, mama aliyeianza kazi hii mapokezi. Aliwaandikia wahandisi washauri waliokuwa wamekaa kwake miezi kumi na mmoja wakipima mifereji ya mashamba ya mpunga katika tambarare za Kano. Ilikuwa barua ya kushukuru na kuaga, na pia ilitaja bei ya mwaka unaofuata. Aliniruhusu kuisoma kwa sharti kwamba nisitaje gesti wala kampuni. Aliiandika kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi ya ofisi zetu, kwa hiyo maneno nitakayonukuu ni Kiswahili changu.

Barua za aina hii nimesoma nyingi, na nyingi hukatika vipande viwili visivyojuana. Kipande cha kwanza ni asante ya jumla, ile ya "mteja wetu wa thamani", ambayo ingeweza kwenda kwa yeyote. Cha pili ni bei, mara nyingi ikiitwa "maalum" bila tarakimu, na namba ya simu ya kupiga. Msomaji huruka cha kwanza na hukishuku cha pili.

Yeye alianza hivi: "Kila Ijumaa kabla ya saa nne asubuhi mlituachia funguo nane mezani na mabegi yenu yakiwa yamefungwa tayari kwa stoo. Kwa miezi kumi na mmoja hamkukosa hata mara moja. Tunawashukuru."

Nilipoisoma mara ya kwanza niliiona shukrani ya adabu tu. Mara ya pili ndipo nilipoona hesabu iliyomo. Wahandisi walilala kuanzia Jumapili hadi Alhamisi, kisha wakaenda kwao. Kampuni nyingine hushikilia vyumba wikendi nzima ili watu wao wasihamishe nguo, na hudai punguzo kwa usiku ambao hakuna aliyelala. Hawa waliziachia funguo, na gesti ikawapa waombolezaji vyumba hivyohivyo kwa bei kamili. Kwa hiyo chumba kimoja kilipata mgeni wa katikati ya wiki na mgeni wa wikendi, wala hawakugongana. Kitu anachokishukuru ndicho hasa kinachomwezesha kupunguza bei. Afikapo kwenye bei, hahitaji kuitetea. Msomaji ameshapewa sababu akidhani anashukuriwa tu. Huo ndio ufundi ninaouheshimu katika barua hii.

Shukrani ya pili ni ya buti. Udongo wa Kano ni mweusi na unanata. Ukilowa, buti moja inaweza kuharibu ukumbi mzima. Nyuma ya gesti pana bomba la maji, na wahandisi walizoea kuoshea buti hapo kabla ya kuingia. Sentensi yake ni moja tu: "Sakafu zetu zilipita misimu yote miwili ya mvua zikiwa safi, na wafanyakazi wetu wa usafi wameniomba niwaambie hivyo." Hapo wasafishaji wamepata nafasi ndani ya barua ya meneja. Sijaona barua nyingine ya hoteli iliyowapa.

Angalia pia asichokisema. Hamtaji mhandisi yeyote kwa jina. Hasemi nani alichelewa kurudi, nani hakula mayai, nani aliumwa malaria mwezi wa Mei. Mtu aliyekaa miezi kumi na mmoja ameacha nyuma mambo mengi ya kuchekesha, na meneja mchanga angetaka kuonyesha kwamba anayakumbuka. Lakini barua hii itasomwa na mhasibu Nairobi, itawekwa kwenye faili, itapigwa nakala. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamhusu mwenye gesti sawa na inavyomhusu mwenye benki, na hata bila sheria, mgeni anayejua kwamba mambo yake ya chumbani huandikwa baruani harudi.

Kisha inakuja aya ya bei, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo wengi huharibu.

Aliandika: "Mwaka ujao, kwa usiku mmoja, chumba cha mtu mmoja pamoja na kifungua kinywa ni shilingi 3,000, VAT asilimia 16 ni 480, ushuru wa utalii asilimia 2 ni 60, jumla mtakayolipa ni shilingi 3,540. Mwaka huu jumla ilikuwa 3,304."

Angeweza kuandika 3,000 peke yake na kuongeza "kabla ya kodi" kwa herufi ndogo. Inapendeza machoni. Tatizo huonekana baadaye. Ofisa wa ununuzi huichukua 3,000 akaiweka kwenye bajeti, na LPO ikatoka kwa 3,000. Tuseme ni vyumba 8, usiku 5 kwa wiki, wiki 40: hizo ni usiku 1,600. LPO itasema shilingi 4,800,000. Ankara za gesti zitafika 5,664,000. Pengo ni shilingi 864,000, na pengo hilo halionekani Januari. Linaonekana Agosti au Septemba, fedha za LPO zinapokwisha kazi ikiwa haijaisha. Hapo mhasibu anaamini gesti imemwibia, meneja anaamini kampuni inakwepa kodi, na wote wawili wana karatasi ileile mkononi. Dalili ya mapema ipo: soma LPO siku inapofika, gawanya jumla yake kwa idadi ya usiku, na kama jibu ni bei isiyo na kodi, piga simu siku hiyohiyo kabla mgeni wa kwanza hajapokea ufunguo.

Kosa la upande wa pili ni kuandika 3,540 peke yake. Halina hasara ya haraka, ila mhasibu anataka kuona thamani na kodi kila moja mahali pake. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi na KRA katika hesabu ya kodi ya mapato ya kampuni, isipokuwa zile zilizosamehewa, na mhasibu wa Nairobi analijua hilo kuliko anavyoijua Awasi. Kwa hiyo meneja aliongeza sentensi moja: ankara itatolewa kwa eTIMS kila mwisho wa mwezi, ikiwa na PIN ya kampuni. Sentensi hiyo haina utamu wowote, na nadhani ndiyo iliyomfanya mhasibu aiweke barua juu ya rundo.

Bei imepanda kwa shilingi 236 na yeye hakuificha. Ameziweka bei zote mbili kwenye mstari mmoja, akataja sababu moja: kifungua kinywa. Wahandisi walikula saa kumi na moja na nusu alfajiri, chai ya maziwa, mayai, nduma au viazi vitamu, kwa kuwa walitaka kuwa shambani kabla jua halijawa kali. Mpishi anayeamka saa kumi analipwa zaidi, na bei ya vyakula imepanda. Angeweza kuongeza stima, maji, mshahara na riba ya mkopo, yote ya kweli. Sababu tano hugeuka kuwa malalamiko, na anayelalamika kwenye barua ya kuaga anamfanya mgeni ahisi kwamba alikuwa mzigo.

Baada ya bei, masharti yake ni matatu, na kila moja lina tarehe au idadi. Bei inadumu hadi tarehe 31 Desemba. Inahitaji angalau vyumba vinne kwa wiki, Jumapili hadi Alhamisi. Haihusu kuanzia tarehe 15 Desemba hadi 5 Januari, kwa kuwa wakati huo watu wanarudi nyumbani na Awasi haina kitanda. Kisha ahadi yake mwenyewe: vyumba sita atavizuia bila malipo hadi tarehe 31 Januari, akisubiri jibu. Aliyeomba ahadi ametoa ahadi kwanza, tena yenye mwisho.

Nilimuuliza kwa nini hakuwapa bei ya chini zaidi, maana mitandao ya kuuza vyumba hukata karibu asilimia 15 na kampuni haipitii huko. Alinijibu kwamba mtandao ukimletea mgeni, mgeni analipa akifika. Kampuni hulipa baada ya siku 30, wakati mwingine 60, na katika siku hizo yeye ananunua mkate na sabuni kwa fedha zake. Punguzo lote la asilimia 15 akilitoa, anakuwa amewakopesha na kuwalipa kwa kuwakopesha.

Hakuna zawadi kwa ofisa wa ununuzi, hakuna wikendi ya bure "kwa ajili yako na familia". Alichoongeza kinaenda kwa wote: ovaroli mbili kwa wiki kwa kila mgeni zitafuliwa bila malipo. Nimeona gesti zikipoteza wateja wazuri kwa bahasha moja iliyokusudiwa kuwashika.

Na aliituma lini? Siku tatu baada ya ankara ya mwisho kulipwa. Barua ya shukrani ikitangulia malipo inasomwa kama ya kudai deni. Ikichelewa mwezi, bajeti imefungwa na wahandisi wamesahau harufu ya nduma za alfajiri. Chini yake palikuwa na sahihi moja kwa wino, na nakala mbili: ya kiongozi wa wahandisi, aliyelala pale, na ya idara ya fedha, ambayo haijawahi kufika Awasi.

Jibu lilikuja wiki ya tatu ya Januari. LPO iliandikwa vyumba sita, Jumapili hadi Alhamisi, shilingi 3,540 kwa usiku.