Sikio Linalosubiri Mwisho wa Kitenzi

Kijana wa Bariadi anayetaka kusomea kilimo cha pamba nchini Brazili atakutana kwanza na mtihani wa Kireno uitwao Celpe-Bras. Mtihani ni mmoja kwa wote. Alama zako ndizo zinazoamua ngazi ya cheti. Hakuna swali la kujaza vitenzi kwenye mapengo. Kazi ya kwanza ya kuandika inatokana na video, ya pili inatokana na sauti, na kila moja huchezwa mara mbili tu. Kisha unaandika barua au makala kwa msomaji uliyeelekezwa. Ndiyo maana nausifu ufundi wa kusikiliza kuliko kukariri majedwali.

Masikio yetu ya Kiswahili yamezoea kuupata wakati mapema. Walivuna, watavuna: jambo limeshajulikana kabla mzizi haujatamkwa, na hapo sikio hupumzika. Kireno huuweka wakati mwishoni. "Colheram" ni walivuna, "colherão" ni watavuna, na silabi ya mwisho ya maneno hayo ina sauti ileile. Kinachoyatenganisha ni mkazo: co-LHE-ram, co-lhe-RÃO. Nasi kwa mazoea tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mwanafunzi akisoma "colherão" kwa lafudhi ya nyumbani, mavuno yajayo yanageuka ya msimu uliopita.

Sikio linalokosea vivyo hivyo hugundulika kwa urahisi. Msomee mwanafunzi sentensi "Os agricultores colherão o algodão", yaani wakulima watavuna pamba, kisha mwambie aongeze mwaka jana au mwaka ujao. Akisema mwaka jana, mrudishe kwenye mkazo; asipige makofi kwa kila silabi, apige moja tu palipokazwa.

Katika mazungumzo Wabrazili husema zaidi "vão colher", na umbo hilo halimsumbui mtu. "Colherão" hutokea hasa kwenye taarifa za habari na maandishi rasmi. Kwa hiyo ningeanza na wakati uliopo, nyakati mbili zilizopita, yaani ile ya tendo lililokwisha na ile ya mazoea, halafu "vai" na kitenzi chake. "-Rá" na "-rão" zifuate kwa ajili ya redio. Nafsi ya "vós" iachwe kabisa, na "tu" isubiri.

Kila siku chukua taarifa fupi ya redio ya Kibrazili, uisikilize mara mbili bila kuisimamisha. Ya kwanza, sikiliza nani anazungumza na anataka nini. Ya pili, andika vitenzi pamoja na miisho yake. Kisha mwandikie barua mkulima wa Itilima au Maswa kumweleza ulichosikia, na usilifungue jedwali la vitenzi kabla barua haijakamilika.