Bei Kabla ya Neno la Kwanza

"Neno unafanya shilingi ngapi?" Mteja akipiga simu na swali hilo, mfasiri ninayemzungumzia, mama mmoja wa Dar es Salaam, huomba kwanza atumiwe faili. Wengi wetu tungetaja bei hapo hapo, mteja asije akatuponyoka. Yeye husubiri.

Safari hii zilikuja fomu za ridhaa za utafiti wa afya, za kutolewa Kiingereza kwenda Kiswahili. Alihesabu maneno ya Kiingereza, yakiwemo ya kurasa mbili zilizoskaniwa ambazo kompyuta haikuweza kuzihesabu: 6,000. Huhesabu matini chanzi, si tafsiri, ili jumla ijulikane kabla kazi haijaanza. Tena Kiswahili hubana maneno. Kuhesabu tafsiri kungempunja.

Bei yenyewe aliitafuta kwa siku. Kwa matini kama haya hufasiri maneno 2,000 kwa siku bila kulipua, basi siku tatu. Ya nne ni ya kusoma upya, tena kwa sauti, maana wapo washiriki watakaosomewa fomu hizo. Siku yake huipigia shilingi 150,000, ambamo mna umeme, bando na zile siku ambazo simu haiiti. Siku nne ni 600,000. Gawanya kwa 6,000, unapata shilingi 100 kwa neno. Namba ya namna hii ina adabu yake: ukiipunguza, unajua ni siku gani umeikata.

Mteja akasema fomu ya wazazi inarudia sehemu ya fomu ya watu wazima. Kweli. Mama akakubali nusu bei kwa maneno 1,000 yaliyojirudia. Si bure, kwa sababu kila palipoandikwa "wewe" huenda pakataka "mwanao", na sentensi nzima ikafuata. Jumla ikawa 550,000.

Jumatatu jioni walipokubaliana, mteja alitaka kazi Alhamisi. Akaandikiwa: Ijumaa saa kumi jioni, na Alhamisi inawezekana kwa kuiacha siku ya kusoma tu. Akachagua Ijumaa. Mama huwa haachi kutaja saa, kwani Ijumaa ya mteja yaweza kuwa asubuhi.

Kipengele cha marekebisho ndicho ninachokihusudu zaidi. Kosa lake hulisahihisha bure, hata baada ya miezi. Mapendekezo ya maneno mengine hupokewa mara moja, yakiwa yamekusanywa pamoja, ndani ya siku saba. Lakini Kiingereza kikibadilishwa, hiyo ni kazi mpya. Kwenye fomu za ridhaa hilo hutokea sana, maana kamati ya maadili ya utafiti inaweza kudai aya iongezwe wakati tafsiri imeshalipiwa. Na kwa vipande vidogo ameweka kiwango cha chini, shilingi 20,000, kwa sababu aya ya maneno 40 nayo humlazimu kufungua faili zima na kuhakikisha istilahi hazipingani.