Mdukuzi Huacha Makosa Nyuma Yake

Mwaka 2010, Kombe la Dunia lilipochezwa Afrika Kusini, uwanja wa Moses Mabhida mjini Durban uliunganishwa na kituo cha usalama kilichokuwa mbali nao, na mawasiliano hayo yalilindwa kwa funguo za siri zilizopitishwa kwa fotoni, yaani chembe za mwanga. Mfumo wa aina hii haumzuii mtu kudukua. Kazi yake ni kukadiria ni kiasi gani cha siri alichoweza kupata.

Mtu yeyote anaweza kuuona msingi wa mfumo huo kwa macho. Shika kikokotoo cha shule, kitazame kupitia miwani ya jua ya kuzuia mng'ao, kisha zungusha miwani polepole. Kuna pembe ambayo kioo cha kikokotoo huwa cheusi kabisa, na pembe ambayo hung'aa. Mwanga wa kioo hicho hutetemeka upande mmoja, na miwani hupitisha upande wake tu. Katikati, kwenye nyuzi 45, nusu ya mwanga hupita. Lakini fotoni moja haigawanyiki: ama inapita, ama inazuiwa, kwa bahati tupu. Ikishapita, hufuata upande wa miwani, na ule wa mwanzo umepotea.

Wanasayansi Charles Bennett na Gilles Brassard waliitumia tabia hiyo mwaka 1984 kubuni njia ya kupitisha ufunguo. Mtumaji huandika kila biti kwa mojawapo ya jozi mbili: wima na mlalo, au mshazari wa kulia na wa kushoto. Huchagua jozi kwa kubahatisha, na mpokeaji naye hupima kwa jozi aliyoibahatisha. Baadaye hutangaziana hadharani jozi walizotumia, bila kutaja biti zenyewe, na hubakiza zile tu ambazo jozi zao zililingana. Biti hizo ndizo za kuundia ufunguo, na zingepaswa kufanana zote.

Sasa tumweke mdukuzi njiani. Hajui jozi iliyotumika, kwa hiyo anapima kwa kubahatisha kisha anatuma fotoni mpya kadiri alivyoona. Chukua biti 100 zilizobakizwa. Kwa wastani, 50 alizipima kwa jozi sahihi, na hizo hazina alama yoyote ya kuguswa. Kwa 50 nyingine amekosea jozi, na fotoni alizotuma zitampa mpokeaji jibu la kubahatisha: 25 zitaangukia sawa, 25 zitakosewa. Hiyo ndiyo asilimia 25 ya makosa anayoiacha anayeshika kila fotoni. Mtumaji na mpokeaji wakilinganisha biti 40 hadharani, uwezekano wa kutokuona hata kosa moja ni takriban 1 katika 100,000. Biti walizolinganisha hutupwa.

Ugumu uko kwa mdukuzi mwenye subira. Akishika fotoni moja tu katika kila kumi, ataleta makosa ya asilimia 2.5, na vifaa vyenyewe hukosea kiasi hicho bila kuguswa na mtu. Jaribio la kwanza la njia hii, lililofanywa mwaka 1989 katika maabara ya IBM huko Marekani, lilionyesha namna ya kuukabili ugumu huo. Mwanga ulivuka hewa kwa umbali wa sentimita 32 hivi. Katika biti 2,000 zilizobakizwa, 79 zilikosewa, yaani karibu asilimia 4. Hakukuwa na njia ya kujua kosa lipi ni la kifaa na lipi ni la mdukuzi, kwa hiyo watafiti walimhesabia mdukuzi yote. Walisahihisha makosa, wakakadiria siri ambayo huenda ilivuja, kisha wakaufinya ufunguo kihesabu hadi biti 754 ambazo mdukuzi hangejua chochote cha maana kuzihusu.

Waliongeza pia hasara nyingine kwenye hesabu. Chanzo chao hakikutoa fotoni moja moja, bali mipigo ya mwanga hafifu sana, mingi ikiwa mitupu na michache ikibeba fotoni mbili. Kwenye mpigo wa namna hiyo mdukuzi huweza kuiba fotoni moja na kuacha ya pili ipite salama, na hapo hapaonekani kosa lolote.

Tena, makosa huonyesha tu kuguswa kwa fotoni. Vifaa vya umeme vya jaribio lile vilitoa sauti tofauti kulingana na upande wa mtetemo uliochaguliwa, hivyo aliyekuwa chumbani angeweza kuisikia siri bila kugusa mwanga. Vilevile mazungumzo ya hadharani lazima yathibitishwe, la sivyo mdukuzi atajifanya mpokeaji kwa huyu na mtumaji kwa yule.

Kwa vifaa vinavyofanya kazi kama nadharia inavyotaka, makosa yakizidi takriban asilimia 11 njia ya kawaida ya kuufinya ufunguo haiachi kitu, na wahusika huutupa wote. Kuutupa hakuna hasara ya siri, kwani ufunguo hupimwa kabla ya kutumika. Alichokipata mdukuzi ni namba za kubahatisha ambazo hazijafunga ujumbe wowote.