Mvua Inakuja, Lakini Imeandikwa kwa Jina la Nani?

Kuna wimbo mmoja ambao karibu kila mtu wa Kisumu amewahi kuusikia, hata kama hajui ni wa nani. Kwa Kijaluo ni maneno mawili, koth biro, yaani mvua inakuja. Kwenye majukwaa ya muziki umeandikwa kama neno moja, `Kothbiro`, na hilo ni dogo tu. Shida yenyewe iko kwenye vile visanduku ambavyo msikilizaji havioni: nani aliimba, nani alitunga, ni muziki wa aina gani, unamwacha mtu na hisia gani. Nataka tuusome wimbo huu kupitia visanduku hivyo, maana mara nyingi huo ndio uhakiki wa kwanza wimbo unaofanyiwa, na anayeufanya ni mtu mwenye haraka anayejaza fomu saa sita usiku.

Rekodi ambayo wengi wetu tunaijua ni ya Ayub Ogada, kwenye albamu ya En Mana Kuoyo iliyotoka 1993 kwa lebo ya Real World, ile ya Peter Gabriel. Sauti na nyatiti mbele. Mwaka 2005 ikasikika kwenye filamu ya The Constant Gardener, na kuanzia hapo ikaanza safari zake. Lakini kabla ya Ayub Ogada kulikuwa na Job Seda, na hao ni mtu mmoja. Job Seda alikuwa katika bendi ya Black Savage ya Nairobi miaka ya 1970, na bendi hiyo nayo iliurekodi wimbo huu, ukiwa na gitaa na mpigo mzito zaidi. Mwaka 2018 Kanye West alipochukua sampuli ya Kothbiro kwa wimbo wake Yikes, alichukua rekodi ya Black Savage, siyo ile ya nyatiti. Kwenye krediti za utunzi wakatajwa James Mbarack Achieng na Ayub Ogada.

Tazama kilichotokea hapo. Utunzi ni mmoja, rekodi ni mbili. Mtu mmoja ana majina mawili. Kila rekodi inapaswa kuwa na namba yake ya ISRC, zile herufi na tarakimu 12 zinazobeba msimbo wa nchi, msimbo wa aliyesajili, mwaka, na namba tano za mwisho. Utunzi una namba nyingine kabisa, ISWC, inayoanza na herufi T. ISRC inafuata sauti iliyorekodiwa; ISWC inafuata wimbo wenyewe, popote utakapoimbwa na yeyote atakayeuimba. Ukizichanganya, au ukiacha kisanduku cha mtunzi wazi kwa sababu "si ni mimi tu nimeimba", pesa ya utunzi haina mlango wa kupita. Hapa Kenya haki za watunzi, za waimbaji na wapigaji, na za wazalishaji wa rekodi ni milango mitatu tofauti. Mtu yule yule anaweza kudai milango yote mitatu, ila lazima jina lake liwe limeandikwa katika kila mlango, na kwa herufi zile zile.

Ogada alifariki Februari 2019, nyumbani Nyahera, nje kidogo ya Kisumu. Msikilizaji wa Chicago aliyeguswa na ile sampuli akafungua krediti anaona Ayub Ogada. Akienda kwenye rekodi yenyewe anakuta Black Savage. Hakuna chochote kwenye ukurasa kinachomwambia kwamba kijana wa ile bendi na mzee wa nyatiti ni mtu mmoja. Sisi tunajua kwa sababu tuliambiwa na watu. Fomu haikuambiwa.

Kwa wanabenga tatizo la jina ni kubwa zaidi. Chukua Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na kufa kwa ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006. Kwenye majalada utamkuta kama D.O. Misiani and Shirati Jazz, D.O. Misiani and Shirati Band, Daniel Owino Misiani, na D.O. 7. Shabiki anayenunua sahani dukani hakuwa na taabu, aliangalia picha. Kompyuta haiangalii picha. Ukiandika `D.O. Misiani & Shirati Jazz` kama msanii mmoja katika kisanduku kimoja, jukwaa linaweza kuunda msanii wa tatu, ambaye si Misiani na si Shirati Jazz, na ukurasa wake ukawa na nyimbo tatu na wafuasi wachache. Njia sahihi ni visanduku viwili, kila kimoja na jina lake, wote wakiwekwa kama wasanii wakuu. Hapo wimbo unatokea kwenye kurasa zote mbili. Mgeni aliyealikwa kuimba ubeti naye anaingia kwenye kisanduku chake cha mgeni. Ile `feat.` usiichape mwenyewe ndani ya jina la wimbo.

Sasa jina la wimbo. Benga imejaa majina ya watu: mpenzi, rafiki, mfadhili aliyelipa studio, marehemu. Ndivyo sifa zinavyofanya kazi huku kwetu. Aliyetajwa ndiye wimbo. Lakini wimbo unaoitwa jina la msichana mmoja tu unaingia kwenye foleni ya mamia ya nyimbo zenye jina hilo hilo. Sisemi tuache desturi, hapana. Nasema mtunzi ana nafasi ya kuongeza kijiji au jina la sifa, kama anavyofanya tayari akiwa jukwaani.

Kuna jambo lingine ambalo linaniuma zaidi. Sahani ya santuri ndogo ilikuwa na pande mbili, na wimbo mrefu wa benga ulikatwa: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Upande A mara nyingi ndio wa maneno. Upande B gitaa la solo linachukua mambo, besi inakimbia, na watu wanaacha soda zao mezani. Zinapopandishwa mtandaoni, pande hizo zinakuwa nyimbo mbili tofauti, `Pt. 1` na `Pt. 2`, na wakati mwingine ya pili haipandishwi kabisa, ama inawekwa mbali na ya kwanza kwenye albamu. Msikilizaji mgeni anasikia nusu ya wimbo na kudhani benga ni muziki wa upole. Kama unazo pande zote mbili kwa ubora mmoja na haki zake unazo, mimi ningeziunganisha kuwa rekodi moja ndefu yenye ISRC mpya, na mwaka wa rekodi ya kwanza uandikwe pale unapostahili. Wakusanyaji watanipinga, wao wanataka sahani kama ilivyokuwa. Basi angalau zifuatane.

Tufanye mfano wa kubuni. Kundi la Dunga, pale ufukweni, lina wimbo mpya unaoitwa Nyar Dunga. Jina: `Nyar Dunga`, bila maneno kama `Official Audio` na bila herufi kubwa tupu. Msanii mkuu: bendi. Mtunzi: jina la kwenye kitambulisho la aliyetunga, siyo jina la jukwaani, kwa sababu huko ndiko malipo yanakoelekea. Wapigaji: solo, ridhim, besi, ngoma, kila mtu na chombo chake, kijana wa solo akitafutwa kesho na studio ya Nairobi, hiyo ndiyo barua yake ya kazi. Lugha: hapa ndipo pagumu. Kijaluo kina msimbo wa herufi tatu, `luo`, lakini hakina ule wa herufi mbili kama Kiswahili kilivyo na `sw`. Fomu iliyojengwa juu ya herufi mbili inaweza isiwe nacho kabisa. Wengi hubonyeza Kiswahili ili waendelee mbele. Matokeo yake wimbo unapelekwa kwa msikilizaji wa Tanga aliyetarajia kuelewa, anauruka baada ya sekunde kumi, na kuruka huko kunahesabiwa. Heri umwandikie msambazaji akuongezee Kijaluo kuliko kudanganya.

Aina ya muziki: menyu hutofautiana. Nyingine zina `Benga`, nyingine zinaishia `African` au, Mungu atusaidie, `World`. Usichague `Afrobeats` kwa sababu ndiyo inayovuma. Afrobeats ya Lagos na benga ya Nyanza hazina mpigo mmoja, na msikilizaji aliyeitwa kwa jina la uongo haondoki kimya kimya, anaondoka na takwimu zako. Kama benga haipo, weka `African`, halafu benga yenyewe uitaje kwa maneno pale panaporuhusiwa maneno.

Mahali hapo ni, kwa mfano, fomu ya Spotify for Artists ya kupendekeza wimbo kwa wahariri. Inapokea wimbo ambao haujatoka tu, na ukitaka uingie kwenye orodha ya Release Radar ya wafuasi wako uutume angalau siku 7 kabla. Kuna visanduku vya hisia, mtindo na vyombo, na maelezo ya herufi 500. Hizo 500 zinatosha kusema wimbo unahusu nini, gitaa linaingia kwa nguvu dakika ya ngapi, na kwamba huu ni muziki wa Kisumu. Hazitoshi kusimulia maisha yako.

Na hisia? Nirudi kwenye mvua. Kothbiro huwekwa kwenye orodha za kulala, za kutafakari, za kutuliza moyo. Nyatiti yenyewe inaruhusu hivyo, siwezi kubisha. Lakini maneno yanamwita mtu aingize ng'ombe nyumbani kabla mvua haijafika. Ni onyo la jioni, na aliyekulia karibu na ziwa anajua mawingu ya pale yakigeuka hayasubiri. Kwa hiyo ningekuwa na nafasi mbili za hisia, moja ningeiacha iwe ya utulivu, kwa heshima ya sikio la mgeni. Ya pili ningeipa wasiwasi. Aliyeujaza kwa utulivu peke yake aliusikia wimbo vizuri tu, ila hakumuuliza mtu wa Nyahera unasema nini.