Barafu Imeachwa Feri

Mzigo wa samaki walioparwa unaotoka Feri kwenda Mbagala kila asubuhi una kazi nzuri ndani yake, na una kosa moja linaloiharibu kazi yote. Kosa lenyewe hufanyika katika dakika tano za mwisho, baada ya mparaji kupewa ujira wake na kabla bodaboda haijawashwa. Mchuuzi hutazama bei ya barafu, hukumbuka kwamba ana friza nyumbani, kisha hufunga ndoo na kuondoka. Anaona hivi: samaki ameshaparwa, ameshatumbuliwa na kuoshwa, basi amekuwa safi na anaweza kusubiri.

Hawezi. Wanaonunua samaki wa namna hii kwa ajili ya migahawa ya Temeke wameshaona matokeo yake: changu wanaoachia mbavu wakikatwa, na vibua wanaokatikakatika kwenye kikaango kabla hawajageuzwa.

Kazi inayotangulia haina ubishi. Oda hupokelewa kwa simu usiku, samaki hupangwa kwa ukubwa ili mama lishe apate vipande vinavyolingana kwenye sahani, na waparaji wa Magogoni wana mikono isiyo na mfano jijini.

Turudi kwenye ndoo. Samaki mzima ana ngozi na utando vinavyozuia bakteria kuingia kwenye nyama. Kisu kikipita tumboni, kinga hiyo imevunjwa. Kisu hichohicho kimetoka kupasua utumbo, na maji ya kuoshea yamekwishapokea samaki wengi kabla ya huyu. Kutumbua kunamsaidia samaki pale tu anapoingia kwenye baridi papo hapo, kwa kuwa utumbo unaooza umeondolewa. Bila baridi, kumtumbua ni kuwafungulia bakteria mlango. Kwa hiyo samaki aliyeparwa anahitaji barafu mapema kuliko yule mzima, na uamuzi wa mchuuzi umeligeuza jambo hili kichwa chini.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua mzigo wa kilo 20 wenye joto la nyuzi 30, joto la asubuhi ya msimu wa joto Dar es Salaam. Ili kuushusha hadi karibu na sifuri, zinahitajika kilo 6 hivi za barafu inayoyeyuka, na hizo ni za kuondoa joto la samaki peke yake. Joto la njiani, la jua la saa nne kwenye Barabara ya Kilwa na la kila mara ndoo inapofunguliwa, linadai barafu nyingine. Kwenye deli lenye kuta nene na mfuniko unaobana, kilo 10 zinatosha safari hiyo. Kwenye ndoo ya plastiki, kanuni ya nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Barafu iwe imepondwa, maana bonge hugusa samaki wachache na kuwaacha wengine. Ianze tabaka la chini, lifuate la samaki, kisha barafu tena, na juu kabisa iwe barafu. Maji yake yawe na pa kutokea, samaki wasije wakaogelea katika damu yao.

Friza ya Mbagala haiwezi kuifanya kazi hiyo, na hapa ndipo hoja ya mchuuzi inapoanguka. Friza ya nyumbani imetengenezwa hasa kutunza kilichoganda. Uwezo wake wa kugandisha vitu vipya umeandikwa kwenye kibandiko, kwa kilo kwa saa 24, na ni sehemu ndogo tu ya vitu vinavyoweza kujaa ndani yake. Ukitupia kilo 20 za samaki wa vuguvugu katika mifuko iliyorundikana, mifuko ya pembeni itakauka kwa baridi huku ile ya katikati ikibaki na joto kwa saa nyingi. Vitu vilivyokuwa vimeganda humo navyo huanza kulegea. Na umeme ukikatika, kama wote walivyozoea wakati wa mgao wa mwaka 2023, friza hiyo inakuwa sanduku la kawaida.

Dalili za samaki aliyechelewa kupozwa husomeka. Samaki aliyechina kabla ya kuganda huachia maji mengi mekundu anapoyeyuka, na nyama iliyoshika uti wa mgongo huwa imegeuka rangi ya waridi au kahawia. Mbavu zinachomoza zenyewe kutoka kwenye kuta za tumbo. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki.

Kwa kibua na jodari kuna hatari isiyoonekana wala kunukia. Nyama yao ina histidini kwa wingi, na bakteria wakipata joto huigeuza kuwa histamini. Mlaji huhisi mdomo ukiwasha kama amekula pilipili, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga na moyo unakwenda mbio. Wengi hudhani ni mzio. Mafuta yanayochemka hayaiondoi histamini, na friza haiitengui ikishajitengeneza. Mama lishe anayekaanga mpaka samaki akauke hajamwokoa mteja wake. Saa zilizopotea kati ya Feri na Mbagala hazirudishwi jikoni.

Safu hii imeshasema, na inarudia: kichwa kiachwe. Mtindo wa kuuza samaki bila kichwa ili mfuko uonekane nadhifu umemnyang'anya mnunuzi mashahidi wake wawili, jicho na matamvua. Jicho lililotuna na kung'aa, na matamvua mekundu yasiyo na ute mzito, humwambia mengi kuliko maneno ya muuzaji. Samaki anaweza kuparwa, kutumbuliwa na kukatwa mistari ya ndimu na chumvi akiwa bado na kichwa chake. Asiyetaka kichwa akitoe mwenyewe baada ya kukitazama.

Wachuuzi wa zamani wa beseni hawakuwa na friza wala deli, lakini waliijua saa. Wengi walikaanga samaki palepale sokoni asubuhi, wakauza mitaani samaki aliyekwisha kuiva. Waliouza wabichi waliuza wazima, wakawapara mlangoni kwa mteja, na hivyo kisu kiligusa nyama muda mfupi kabla ya sufuria. Ziwa Victoria nako, viwanda vya minofu vya Mwanza vilivyouza sangara Ulaya vilituma boti zenye barafu hadi visiwani kuwapokea samaki. Huko kisu kilikuja nyuma ya baridi. Feri tuna soko lililojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, barafu inauzwa hatua chache tu kutoka walipo waparaji, na bado mzigo unaondoka mkavu.

Wanaouza mihogo iliyomenywa na mboga zilizokatwa wanaweza kukosea kidogo na hasara ikaishia kwenye rangi na ladha. Muuza samaki hana nafasi hiyo. Gharama ya barafu iingizwe kwenye bei ya kilo na mama lishe aelezwe wazi anacholipia. Samaki wapimwe wakiwa wamechujwa maji, ili asilipie barafu iliyoyeyuka kwa bei ya changu. Friza ipokee samaki waliokwisha kupozwa, katika mifuko bapa iliyopangwa safu moja. Na siku ambayo barafu haikupatikana, vibua wasiparwe: wauzwe wazima palepale Feri, au wapelekwe moja kwa moja kwa wakaangaji.