Buni Zikilia

Mwezi uliopita nilikwenda kuwajulia hali jamaa zangu wa mbali, hapa hapa mjini Unguja. Nilipokewa kwa uso mkunjufu. Sijatulia vizuri kitini, sinia imeshawekwa mbele yangu: chupa ya maji ya moto, kikombe, kijiko, na kopo la kahawa ya unga ambayo ukiikoroga tu imekwisha. Nikaambiwa nijitilie nipendavyo. Nilijitilia, nikanywa, nikashukuru, na baada ya robo saa nilikuwa mlangoni navaa viatu. Njia nzima nilihisi kuna kitu nilikuwa nakisubiri mle ndani hakikuja. Nilifika Darajani ndipo nikakijua. Nilikuwa nasubiri kusikia kinu.

Kwa bibi yangu, Malindi, mgeni aliisikia kahawa yake kabla ya kuiona. Alikaa ukumbini na babu, wakaulizana habari za wazima na wagonjwa, na huku uani akisikia mwiko ukikwaruza kaango. Kisha moshi mwembamba ukapita mlangoni. Kisha kimya. Kisha mchi. Hapo mgeni alijua kuwa haikuchukuliwa kahawa iliyokuwepo. Buni zimeingia motoni kwa ajili yake, baada ya yeye kupiga hodi. Hakuna aliyehitaji kumwambia kuwa amekaribishwa.

Nilikuwa na miaka tisa Bibi aliponiita siku ya kwanza. "Naam, Bibi," nikaitika. Akanipa ungo wenye robo kilo ya buni mbichi, akaniambia nichambue. Nilidhani kuchambua ni kutoa mawe. Yeye alitoa mawe, akatoa zilizotobolewa na wadudu, akatoa zilizovunjika, na akatoa hata ndogo zilizokuwa nzima kabisa. Nikamuuliza ndogo zina kosa gani. "Hazina kosa," akasema, "ila haziwezi kungoja wenzao." Nilikuja kuelewa muda mrefu baadaye: ndogo huiva mbele, na wakati kubwa zinaanza kunukia, ndogo zimeshakuwa makaa, na punje chache za makaa zinatosha kutia uchungu mbaya dele zima. Kahawa yetu ya pwani ni chungu, ndiyo, lakini uchungu wa kuiva si uchungu wa kuungua.

Kaango lake lilikuwa la udongo, jeusi nje na ndani, na halikukaangiwa kitu kingine chochote. Aliliweka juu ya seredani mpaka likapata moto wote, pembeni na katikati, ndipo akamimina buni. Moto wenyewe ulikuwa wa makaa yaliyokwisha kuwa mekundu na kuanza kuvaa jivu. Moto wenye ulimi hakuutaka. Mwiko haukusimama tangu buni zilipoingia. Ulikwenda chini, ukapinduka, ukarudi, kwa mwendo mmoja, kama mtu anayemtikisa mtoto alale. "Ukiona mkono umechoka, badilisha mkono," aliniambia. "Usibadilishe mwendo."

Mara ya kwanza nilitazama rangi, nikaona ndiyo kazi. Kijani kilififia, ikaja manjano, na harufu ikawa ya majani makavu, kisha ya mkate. Nikasema zimeanza kuiva. Bibi akaniambia nifumbe macho.

Nikafumba. Palikuwa na mkwaruzo wa mwiko tu, na kwa muda mrefu sikusikia jingine. Kisha ikapasuka moja, tak, kama kijiti kikavu. Ikafuata nyingine. Halafu zikaitikiana kaango zima. "Zinalia," akasema Bibi. Ndani ya buni kuna maji kidogo yaliyobaki hata baada ya kuanikwa. Moto unapofika kiasi cha nyuzi 200, mvuke unakosa pa kutokea, na buni inapasuka. Inavimba pale pale, inakuwa nyepesi, na ngozi yake nyembamba inabanduka. Bibi hakuwa na habari ya nyuzi. Alijua kwamba kabla ya kulia buni haijawa kahawa, na kwamba baada ya kulia hakuna tena ruhusa ya kuangalia pembeni.

Kwa sababu kuna kilio cha pili. Cha kwanza kikiisha, buni hunyamaza kitambo kidogo, rangi ikizidi kukolea. Halafu huanza sauti nyingine, nyembamba na ya haraka, kama chumvi ikitupwa motoni. Hapo mafuta yanaanza kutokeza juu ya buni ikametameta. Bibi aliiita kunong'ona. Kahawa ya wageni wake ilitoka motoni buni za mwanzo zinaponong'ona, wala hakungoja zote. Alilimwaga kaango lote kwenye ungo mara moja, maana udongo hauachi joto upesi, na buni zikibaki humo huendelea kuiva ingawa seredani imeondolewa. Kisha akazirusha na kuzidaka, makapi yakipeperuka uani kama mbawa za kumbikumbi, mpaka zikapoa mkononi. Robo kilo ile ilikuwa imepungua uzito, ikabaki kama gramu 210, lakini kwa macho ilikuwa imejaa ungo kuliko mwanzo.

Nataka kuisimulia siku niliyoharibu, kwa sababu ndiyo siku niliyojifunza. Walikuja wageni wanne kutoka Pemba, wamechoka na safari ya bahari, na Bibi alikuwa na shughuli ya chakula. Akaniachia kaango peke yangu. Nilitaka wageni wasingoje. Nikapepea makaa yakawaka, nikaongeza mengine, na kweli buni zikawa nyeusi upesi ajabu. Hazikufika hata dakika nane, na siku zote zilikuwa zikichukua karibu ishirini. Nikamletea Bibi ungo kwa furaha. Hakusema neno. Akachukua buni moja, akaipasua kwa meno, akanipa nusu. Nje ilikuwa nyeusi kama kitako cha kaango. Ndani ilikuwa hudhurungi iliyofifia, karibu na rangi ya mbao. "Onja," akasema. Nikaonja: moshi kwanza, kisha uchachu wa kitu kibichi. Moto mkali ulikuwa umeichoma ngozi kabla joto halijafika moyoni. Na sikusikia kilio cha kwanza wala cha pili, maana vilichanganyika, na mimi nilikuwa nikipepea.

Nilitegemea atasema tuitumie hivyo hivyo. Alizimwaga zote kwenye jaa, akanipa ungo mwingine wa buni, akaniambia nianze kuchambua. "Na wageni, Bibi?" Akaniambia wageni wamekuja kwetu, hawakuja kwa kahawa. Wakangoja. Hadi leo nazikumbuka sauti zao ukumbini, wakicheka na babu, bila hata mmoja kuuliza imekuwaje.

Kutwanga kulikuwa na kinu chake, kidogo, cha mti mzito, mdomo wake mwembamba. Thumu na pilipili havikukijua kinu kile. Tangawizi kavu na iliki vilipondwa kwingine. Buni zilipaswa kuwa baridi kabisa, kwani yenye joto hupondeka badala ya kuvunjika, ikagandia kwenye kinu. Aliweka konzi mbili tu kwa mara moja, na kiganja cha kushoto akakizungushia mdomo wa kinu ili zisiruke. Mimi nilipiga kwa nguvu za kitoto. Akanishika mkono: "Unyanyue tu. Kushuka anajua mwenyewe." Alikuwa anausema mchi.

Na hapa tena alisikiliza. Mwanzo kinu kinalia kwa juu, kikavu, buni zikigongana. Kadiri zinavyovunjika sauti inashuka, mpaka inakuwa nzito na yenye kuziba, kama hatua za mtu mchangani. Akifika hapo aliacha, akachukua chembe akazisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Alitaka mchanga, hakutaka unga. Unga hautui ndani ya dele. Unaelea, unaingia kwenye finjani, na mgeni anainuka na tope ulimini. Kilichobaki juu ya chekeche kilirudi kinuni.

Nikiwa mkubwa nilianza kuyatazama maneno yetu ya kahawa, na nikaona yanasimulia habari yenyewe. Kahawa, buni, finjani, dele: yote asili yake ni Kiarabu, yamevuka bahari pamoja na buni kutoka pande za Yemen. Lakini kaango, mwiko, ungo, kinu, mchi, kupepeta, kutwanga, hayo hayakuvuka bahari. Tulikuwa nayo tukitwangia mpunga na mtama. Jamaa zetu walioko Oman huikaanga buni kidogo tu, ikabaki ya rangi ya asali, wakaitia iliki nyingi. Sisi tuliiivisha mpaka kunong'ona tukaitia tangawizi. Huko Bukoba kwa Wahaya wao wana yao: buni huchemshwa na majani, hukaushwa, na mgeni hupewa atafune, bila kinu. Kila mahali mtu amemtafutia mgeni jambo la kumfanyia kwa mikono yake.

Ndiyo maana kopo lile liliniuma. Simlaumu mwenye nyumba. Ana kazi, ana watoto, na mimi mwenyewe nina kopo kama lile jikoni kwangu. Lakini tumezoea kumhesabia mgeni dakika, na mgeni naye amezoea kujihesabia. Mtaani Malindi mchana kutwa nasikia pikipiki, nasikia simu. Kinu sikisikii.

Bibi alipofariki, wanaume walilala matanga barazani na chini ya turubai. Usiku wa kwanza kahawa ilinunuliwa kwa muuzaji. Usiku wa pili nikaenda uani, nikalishusha kaango lake kutoka juu ya kabati, nikawasha seredani. Nilichambua kwa taa ya simu. Mkono ulikuwa umesahau kidogo, nikawa natia haraka, kwa kuwa watu walikuwa wengi na usiku umekwenda. Buni zikageuka manjano, zikanukia mkate, ikalia moja.

Kutoka chumbani, walikolala wanawake, ikaja sauti ya shoga yake Bibi, mzee ambaye siku hizo alikuwa haoni tena.

"Nani anakaanga? Mwanangu, moto wako mkali."

Nikachota jivu, nikafukia makaa.